Usimwulize Kama Anakukumbuka

Desemba iliyopita nilikwenda Goweko kumwona shangazi yangu, dada wa marehemu baba. Goweko ni kituo cha Reli ya Kati, mashariki ya Tabora, katika Wilaya ya Uyui, na kwa miaka mingi shangazi aliwauzia abiria asali na chakula kupitia madirisha ya mabehewa. Sasa amepita miaka 80. Ana maradhi ambayo madaktari huyaita demensia, nasi nyumbani tunasema kumbukumbu zimemtoka.

Tulimkuta ameketi barazani akitazama uani. Binamu yangu, kwa furaha ya kunipokea, alipaza sauti kutoka nyuma yake: "Mama, unamjua huyu? Hebu sema ni nani!" Watoto wa jirani wakasogea kusikiliza. Shangazi akageuka, akacheka kidogo, akasema, "Namjua, namjua." Binamu akamwambia, "Haya, mtaje jina." Hapo akanyamaza. Vidole vyake vikaanza kukunja upindo wa kanga, kuukunjua, na kuukunja tena. Binamu akaona amsaidie: "Ni Daktari! Daktari amekuja kutoka Dar es Salaam." Shangazi akauficha mkono wake ndani ya kanga. Alidhani nimekuja kumchoma sindano.

Mimi nami nilikuwa nimesimama na jua likiwa nyuma yangu, uso wangu ukiwa kivuli kitupu, nikingoja kutambuliwa. Nakiri kwamba nilitaka sana anitambue. Mchana ule shangazi hakula, na usiku alimwuliza binamu mara kadhaa iwapo wale watu waliokuja kumchukua wamekwisha kuondoka.

Kazi yangu ni kutahini watu, kwa hiyo nautambua mtihani niuonapo. "Unanikumbuka?" ni mtihani. "Umenisahau mara hii?" ni mtihani unaokuja na lawama yake. Mwanafunzi akishindwa mtihani wangu hujua kwamba hakusoma, lakini mzee huyu anatahiniwa katika somo ambalo ubongo wake umefuta, mbele ya wajukuu na majirani, na hata sababu ya kushindwa kwake haioni.

Inafaa kueleza ni kitu gani hasa kinachofutika. Katika ugonjwa wa Alzaima, ambao ndio aina ya demensia inayoonekana zaidi, sehemu za ubongo zinazohifadhi mambo mapya huathirika mapema. Ya jana hayapati pa kukaa, ilhali ya ujanani hudumu kwa muda mrefu zaidi. Jambo linalozoeleka sana, kama itikio la salamu, hudumu pia. Na hisia zina njia yake. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwaonyesha wagonjwa wa Alzaima vipande vya filamu za huzuni na za furaha. Baada ya muda mfupi wagonjwa walikuwa wamesahau mengi ya waliyoyaona, na baadhi yao hawakukumbuka lolote, lakini huzuni au furaha ilibaki nao. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa shangazi: alisahau kwamba nilikuja, akabaki na hofu niliyomletea.

Asubuhi iliyofuata tulianza upya, na jambo la kwanza tulilorudia ni hodi. Ustaarabu wetu ulikwisha kutunga zamani utaratibu wa kumjulisha mtu kwamba unakuja kabla hajakuona: unapiga hodi, unangoja, unakaribishwa. Unyamwezi ilikuwa njia kuu ya misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji, na wageni hawakuwa jambo geni huku. Tatizo letu dogo, nalo si la Goweko peke yake, ni kwamba mwenye nyumba akiuliza "Nani?" tunajibu "Mimi!" kana kwamba dunia nzima ina mimi mmoja. Kwa mzee wa namna hii, jibu hilo halisaidii kitu.

Nilizunguka ili anione nikija kutoka mbele, nikasimama hatua mbili kutoka kwake upande ambao mwanga ulinipiga usoni. Nilimwomba binamu azime redio na asiseme neno. Kisha nilichuchumaa hadi macho yangu yakawa chini kidogo ya macho yake, nikasema, "Mwangaluka, shangazi." Hiyo ni salamu ya asubuhi ya Kinyamwezi, lugha aliyoianza utotoni. Akaitikia bila kutafuta. Nikaongeza, "Shikamoo." "Marahaba," akasema, na mabega yake yakashuka. Katika maneno hayo machache alikuwa amefaulu mara mbili, na hakuna aliyemuuliza jambo asilolijua.

Baada ya hapo ndipo nilipojitambulisha, nikiyataka maneno yawe machache na yaanzie mbali: "Mimi ni mtoto wa kaka yako, yule aliyefanya kazi ya reli. Nimekuja kukusalimu." Sikutaja chuo wala shahada. Udaktari wangu wa falsafa ni jambo la juzi, nao haumo katika kumbukumbu zake, lakini kaka yake yumo. Kanuni niliyojifunza ni kwamba unajitambulisha kwa kamba ndefu anayoweza kuishika, yaani kwa mtu au mahali pa ujana wake, kisha unamweleza ulichojia, kwa sababu mtu asiyemjua aliye mbele yake huhofia kwanza nia yake. Halafu unanyamaza. Nilihesabu kimoyomoyo hadi 10 kabla hajajibu. Wengi wetu hatufiki hata 3, tunarudia swali kwa sauti kubwa zaidi, na mzee anaanza kulitafakari la kwanza wakati la pili limekwisha kumwangukia.

Zilipita dakika kama tano. Tulizungumza habari za mvua na mihogo, kisha akanitazama na kuuliza kwa adabu kubwa, "Samahani, wewe ni nani?" Hapa ndipo tunapokosea zaidi. Ulimi unataka kusema, "Si nimekwambia sasa hivi?" Kwake hakuna sasa hivi. Nilirudia maneno yaleyale, kwa sauti ileile, bila "tena" na bila "kama nilivyosema": "Mimi ni mtoto wa kaka yako, yule aliyefanya kazi ya reli. Nimekuja kukusalimu." Asubuhi ile nilijitambulisha mara sita. Hakulikumbuka jina langu hata mara moja, lakini kuanzia mara ya tatu aliacha kuutazama mlango.

Dalili za hofu hujionyesha kabla ya kilio, na ni vyema kuzijua: mikono inayofumba na kufumbua nguo, macho yanayotafuta mlango au mtu anayemlea, kicheko kisichofuata jambo la kuchekesha, na ile "ndiyo, ndiyo" inayotolewa kwa kila swali. Ukiziona, acha maneno, rudi nyuma kidogo, ukae kimya. Akikupa mkono, upokee. Jioni ni saa mbaya kwa wengi wao. Shangazi hutulia zaidi kabla ya saa nne asubuhi, nasi tumeshapanga wageni waje wakati huo.

Mara ya saba mambo yalibadilika. Alinikazia macho akasema, "Kaka, umechelewa. Treni ilikwama wapi?" Baba yangu alikwisha kufariki. Ndugu zangu tumebishana sana kuhusu jibu. Mmoja anashikilia kwamba ukweli usemwe daima. Lakini kumwambia "kaka yako amekufa" ni kumpa msiba kwa mara ya kwanza, na kesho kumpa tena kwa mara ya kwanza. Kusema "ndiyo mimi" nako sikukubali, maana huenda dakika ijayo akaona kwamba siye, na imani yake kwangu ikavunjika. Nilisema, "Nimefika salama, shangazi. Mimi ni mtoto wake. Ulikuwa ukimpikia nini alipochelewa?" Akanieleza habari za ugali wa mtama na mboga ya mlenda kwa muda mrefu, akiwa ametulia kabisa. Alichotaka ni kuzungumza habari za kaka yake.

Kuna mpaka mmoja ambao upole wa salamu hauuvuki. Maradhi haya hupunguza mtu polepole, kwa miezi na miaka. Mzee aliyekutambua jana na leo asubuhi hakutambui, anaweweseka au analala mchana kutwa, huenda ana malaria, nimonia, maambukizi ya njia ya mkojo, au dawa mpya imemdhuru. Huyo apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Kusema "ni uzee tu" kumewaua watu ambao wangetibiwa.

Kwa nini naandika haya kwenye ukurasa ambao kwa kawaida huzungumzia bajeti na uchaguzi? Kwa sababu barazani kwa shangazi kulikuwa na majirani. Tabora ni miongoni mwa mikoa ambamo wazee, hasa wanawake, wamewahi kuuawa kwa tuhuma za uchawi, na ripoti za Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu zimelitaja jambo hili mwaka baada ya mwaka. Bibi anayetembea usiku, anayezungumza na marehemu, na ambaye, kwa ushahidi wa kila aliyehudhuria, "hamjui hata mtoto wa kaka yake", amekwisha kuandaliwa hati ya mashtaka na watu wanaompenda. Kila tunapomtahini hadharani, tunawapa majirani matokeo.

Na wapo watumishi wa umma wanaonisoma. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuanzia miaka 60, na watafiti waliowapima watu wa miaka 70 na zaidi katika Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, walikuta karibu 6 kati ya kila 100 wana demensia. Basi watu hawa wanafika kwenye madirisha yenu, kwa uhakiki wa pensheni, kwa malipo ya kaya, kwa matibabu. Katika ofisi moja ambayo sitaitaja nilimwona karani akimwuliza mzee tarehe yake ya kuzaliwa mara nne, kila mara akipandisha sauti, huku binti wa mzee amesimama kando na kitambulisho mkononi. Karani angesema shikamoo, angejitaja jina na kazi yake, kisha angeipokea ile kadi na kumsomea mzee tarehe ili akubali tu. Foleni nayo ingesogea upesi zaidi.

Niliporudi stesheni siku ya tatu, binamu alinisindikiza. Aliniambia kwamba asubuhi, kabla sijaamka, alikwenda mbele ya mama yake, akachuchumaa na kusema, "Mwangaluka, mama. Mimi ni binti yako wa mwisho. Nimekuletea uji." Ilikuwa mara ya kwanza kujitambulisha kwa mama yake mzazi, na sauti ilimkwama katikati. Mama yake aliupokea uji, akanywa, akamwuliza kama yeye amekwisha kunywa.