Staa kaongeza "h" moja, eti nyota imewaka!

Wadau, kuna mwanadada wa hapa mjini, jina namhifadhia, kalipa hela ndefu kwa mtaalamu wa namba ili abadilishiwe jina. Basi tumuite Aisha. Kaambiwa aongeze "h" mwishoni, awe Aishah, na mambo yatanyooka. Mashabiki komenti zote "hongera mamii". Mimi naomba kalamu na karatasi kwanza.

Hesabu yenyewe iko hivi. Wanaofuata mtindo wa Pythagora wanapanga A mpaka I kuwa 1 mpaka 9, halafu J inaanza tena 1, na S inaanza tena 1. Aisha ni 1+9+1+8+1, jumla 20, unajumlisha 2+0 unapata 2. Namba 2 wanasema ni mtu wa kusaidia wenzake. Ongeza "h" yenye 8, inakuwa 28, halafu 10, halafu 1. Namba 1 ni bosi, kiongozi. Umeona biashara ilivyo? Mdomoni jina halijabadilika hata kidogo, mama yake bado anamuita vilevile, ila kwenye karatasi keshakuwa bosi.

Sasa kuna mtindo mwingine, wa Kikaldayo, wenyewe S ni 3, H ni 5, na A na I zote ni 1. Kwa huo Aisha ni 11. Weka ile "h" ya kununua, inakuwa 16. Na 16 kwa hao jamaa ni namba ya balaa, picha yake ni mnara uliopigwa radi! Yaani herufi ileile, huku bahati, kule mkosi. Nani anadanganya?

Najua mtasema "mbona sifa zake zimemlenga kabisa?" Mwaka 1948 mwalimu wa saikolojia Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi 39 maelezo ya tabia zao, kila mmoja akidhani ni yake peke yake. Wakayapa wastani wa alama 4.26 kati ya 5. Kumbe wote walipewa karatasi moja, na sentensi nyingi alizitoa kwenye kitabu cha nyota. Mtu ukiambiwa "unapenda watu lakini saa nyingine unajifungia", nani atakataa?

Na hiyo dili aliyopata baada ya "h"? Mwezi huohuo kabadilisha meneja na katoa video mpya. Walioongeza herufi wakaendelea kusota hamuwaoni, maana hakuna anayewapost.

Kinachoniuma ni wale wanaoachana eti "namba zetu hazipatani". Kabla hujamuacha mtu, chukua maelezo ya namba zote 9, futa namba, mpe rafiki anayemjua vizuri achague la kwake. Akipatia, rudia na watu kumi wengine. Mtaalamu akikataa mchezo huo, usimtumie hela.