Ndoa Isiyofika Etasivil Haifiki CNSS

Tarehe 15 Julai 2016 zilitiwa sahihi sheria mbili ambazo kila mfanyakazi wa migodi ya Lualaba anaishi chini yake, ajue asijue. Sheria namba 16/008 ilirekebisha Sheria ya Familia ya 1987. Sheria namba 16/009 iliweka kanuni mpya za usalama wa jamii, ile inayosimamia pensheni. Zilitoka siku moja, na hazitenganiki: ya pili humlipa mjane, lakini ya kwanza ndiyo inayosema mjane ni nani. Hapa Kolwezi watu wamezoea kuikumbuka ya pili siku ya kilio, wakati ya kwanza imeshapuuzwa miaka kumi.

Tuseme wazi tangu mwanzo, maana kosa kubwa linaanzia hapa. Kwenye Mfuko wa Taifa wa Usalama wa Jamii, yaani CNSS, ambao wengi bado wanauita INSS ingawa jina lilibadilishwa mwaka 2018, mfanyakazi hachagui atakayerithi pensheni yake kama anavyochagua mtu wa kumwachia pikipiki. Sheria imeshachagua: mjane au mgane, na watoto waliokuwa wakimtegemea marehemu. Mdogo wake hayumo. Mjomba hayumo, hata kama ndiye aliyemsomesha. Kazi ya mfanyakazi ni kuuthibitishia mfuko, kwa vyeti, kwamba mke huyu ni mke na watoto hawa ni watoto. Asipofanya hivyo akiwa hai, kazi hiyo itamwangukia mjane, na ataifanya akiwa amevaa nguo za msiba.

Nchi nyingine zina njia nyingine. Kenya, mwanachama wa mfuko wa pensheni wa kazini hujaza fomu ya kutaja atakaowaachia, na wadhamini wa mfuko hulipa kwa kufuata kanuni za mfuko. Fedha hizo haziingii kwenye mirathi. India, kanuni za akiba ya wafanyakazi za mwaka 1952 zinasema kwamba aliyemtaja mtu mwingine wakati hana familia, siku akipata familia lile jina linakufa papo hapo na anatakiwa kuandika upya. Hiyo ni kanuni ya busara, na tungependa kuiona hapa kwenye zile karatasi za kampuni ambako mkono wa mfanyakazi bado una nguvu, kama bima ya maisha ya kikundi. Huko ni kweli: ulichoandika ukiwa kapera ndicho kitakachosomwa.

Tuchukue mfano wa kijana wa kubuni, lakini kila msomaji wa Kanina au Musonoi atamtambua. Ameajiriwa akiwa na miaka 24, dereva wa dampa kwa mkandarasi wa mgodi. Siku ya kusaini mkataba alipewa fishi ya familia, akaandika baba, mama na mdogo wake. Hakudanganya, ndiyo familia aliyokuwa nayo. Miaka miwili baadaye akatoa mahari, wazee wakakaa, bia zikanywewa, mchungaji akabariki. Mtoto wa kwanza akazaliwa hospitalini, akapewa jina la babu upande wa mama. Kila mwezi 5% ya mshahara wake ilikatwa kwa ajili ya pensheni, na mwajiri akatakiwa kuongeza 13% yake kwa pensheni, kwa familia na kwa ajali za kazini. Fishi haikuguswa, na etasivil hakufika.

Kijana huyu anaamini ameoa na ana mtoto. Mbele ya dirisha la CNSS hana kimojawapo.

Ndoa kwanza. Sheria ya Familia inaitambua ndoa iliyofungwa nyumbani kwa desturi, lakini inawataka wanandoa waende kwa afisa wa etasivil ndani ya mwezi mmoja ili iandikishwe. Isipoandikishwa, ndoa ipo kwa wanandoa na kwa koo zao, ila haiwezi kudaiwa mbele ya mtu wa nje. Mfuko wa pensheni ni mtu wa nje. Benki ni mtu wa nje. Kampuni ni mtu wa nje. Picha za harusi, risiti ya ukumbi na cheti cha kanisa havibadilishi neno hilo. Tunajua wachungaji hawapendi kulisikia, lakini wangewasaidia waumini wao zaidi kama wangedai cheti cha etasivil kabla ya kubariki.

Mtoto sasa. Karatasi inayotoka hospitali ya uzazi inasema tu kwamba mwanamke fulani amejifungua siku fulani. Si cheti cha kuzaliwa. Cheti cha kuzaliwa hutolewa na etasivil, na sheria inatoa siku 90 za kuandikisha bila malipo. Zikipita, njia iliyobaki ni mahakama: shahidi, hakimu, hukumu inayochukua nafasi ya cheti, kisha tena etasivil kuiandika. Kazi ya asubuhi moja pale komine ya Dilala au Manika inageuka kuwa safari za wiki nyingi, kila hatua na gharama yake.

Na hapa kwetu kuna jambo ambalo wenye kutunga fomu hawalisemi. Mtoto wa Kikongo mara nyingi habebi jina la baba yake. Ndugu watatu wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina matatu ya mababu watatu. Kwa hiyo afisa anayepitia dosie hawezi kuunganisha mtoto na baba kwa kusoma majina. Kinachowaunganisha ni cheti peke yake. Ongeza herufi moja iliyokosewa, au jina la pili na la tatu yaliyobadilishana nafasi kati ya kadi ya mpiga kura na mkataba wa kazi, na dosie inarudishwa. Mfanyakazi aliye hai anasahihisha kosa hilo mwenyewe. Marehemu hawezi.

Kijana akifa, mambo mawili yanaanza kwa wakati mmoja, na watu huyachanganya. Kampuni inatafuta wa kumlipa hesabu ya mwisho ya mshahara, na huomba muhtasari wa baraza la familia unaomtaja msimamizi wa mirathi. Baraza linakaa, linamtaja mdogo wa marehemu, yule yule aliyeandikwa kwenye fishi ya zamani. CNSS kwa upande wake inauliza cheti cha ndoa na vyeti vya watoto. Mjane hana. Akienda mahakamani kuomba ndoa ithibitishwe, anahitaji mashahidi walioona mahari ikitolewa. Mashahidi hao ni nani? Ni shemeji zake. Ni wale wale ambao, ndoa isipothibitishwa, wanabaki peke yao kwenye meza. Wapo mashemeji waungwana, na tunawaheshimu. Lakini haki ya mama na mtoto haiwekwi rehani kwa uungwana wa shemeji.

Kuna na lile linalosemwa kwa kunong'ona: biro ya pili. Sheria ya Kongo inamtambua mke mmoja. Mwanamke wa pili hana pensheni ya mjane, hata awe ameishi na mfanyakazi miaka ishirini, na hatuna faraja ya kumpa. Mtoto wake ni habari nyingine. Sheria inamlazimu baba kumtambua mtoto aliyezaa nje ya ndoa mbele ya etasivil. Akimtambua, mtoto huyo anasimama na wenzake. Baba anayemficha mtoto ili kulinda amani ya nyumba ya kwanza anamnyima chakula atakapokuwa amekufa, na hatuoni jina la heshima la kuliita tendo hilo.

Lawama haimhusu mfanyakazi peke yake. Sheria ya kazi ya 2002 inataka mkataba ulioandikwa uonyeshe hali ya familia: mwenzi, na kila mtoto anayetegemewa pamoja na tarehe yake ya kuzaliwa. Makampuni yanaitimiza siku ya kwanza, kisha fishi inafungiwa kabatini. Hapa Lualaba mfanyakazi anahama kutoka mkandarasi mmoja hadi mwingine, na kila mmoja anafungua fishi mpya akidhani ya awali ilikuwa sahihi, au anaiacha tupu kabisa. Ofisi ya wafanyakazi inayoweza kuhesabu saa za ziada hadi dakika inashindwaje kuuliza mara moja kwa mwaka: umeoa, umezaa?

Hasara haisubiri kifo. Sheria ile ile ya 2016 ina tawi la familia, lenye malipo ya ujauzito, ya uzazi na ya watoto, na mwajiri analichangia 6.5% ya mshahara. Katanga ilikuwa na mfuko wa posho za watoto tangu zamani, kabla sheria mpya haijaupeleka nchi nzima. Ni ajabu basi kwamba mkoa wenye desturi hiyo ndefu una watoto wanaochangiwa na mwajiri ambao mfuko haujui kama wamezaliwa.

Hatua zenyewe si nyingi. Andikisha ndoa. Andikisha mtoto kabla ya siku 90. Kisha peleka barua kwa mwajiri na nakala yake kwenye ofisi ya CNSS ya Kolwezi: jina lako kamili kama lilivyo kwenye kadi, namba yako ya CNSS, jina na tarehe ya kuzaliwa ya mwenzi, tarehe ya ndoa na namba ya cheti, kila mtoto na namba ya cheti chake, na ombi moja kwamba dosie yako irekebishwe. Namba ya CNSS ni ile ile kwa waajiri wote. Mwajiri mpya akitaka kukufungulia nyingine, kataa, maana michango yako itagawanyika. Chapa barua mara mbili. Ya kwanza wanabaki nayo. Ya pili irudi nyumbani ikiwa na muhuri na tarehe ya kupokelewa. Barua isiyo na muhuri haikupelekwa. Na iwekwe mahali ambapo mke anapajua, si chini ya kiti cha dampa.

Hukumu yetu ni hii. CNSS impe kila mchangiaji anayeleta vyeti karatasi iliyochapwa inayoonyesha majina yaliyomo kwenye dosie yake, ili kosa lionekane akiwa hai. Makampuni ya migodi na wakandarasi wao wafungue fishi hizo kila Januari, na fishi isiyo na sahihi ya mwaka huo ihesabiwe kuwa kosa la ofisi. Na wewe unayesoma hili ukiwa umeoa nyumbani bila kupita etasivil: mbele ya mfuko unaokukata 5% kila mwezi, bado ni kapera. Nenda komine wiki hii, na mkeo aende pamoja nawe.