Hotuba ya kurasa nne kwenye karatasi tatu ndogo

Wiki iliyopita mama mmoja wa kikundi chetu alileta hotuba yake ya tarehe 8 Machi, kurasa nne za daftari. Maneno yalikuwa mazuri. Lakini alipoisoma mbele yetu, macho hayakutoka kwenye karatasi, na alipoyainua mara moja alipoteza mstari. Tukakaa naye mchana mzima tukageuza kurasa hizo kuwa karatasi tatu ndogo.

Kwanza alisoma kwa sauti, aya moja moja, kisha akafunika karatasi na kutuambia aya ile inataka nini. Maneno yaliyomtoka mdomoni ndiyo tuliyoandika. Aya hii ilikuwa hivi:

"Sisi wamama tunaouza mpakani tunaamka saa kumi ya usiku na kupanga mstari, na mara nyingi jua linazama hatujapita. Unga wetu unalowa, tomati zinaoza, na watoto wanalala bila kutuona. Tunaomba mstari mmoja wa wenye mizigo midogo."

Ikawa hivi:

Saa kumi ya usiku – mstari – jua linazama //
Unga unalowa / tomati zinaoza / watoto wanalala //
TUNAOMBA MSTARI MMOJA WA WENYE MIZIGO MIDOGO //

Mkwaju mmoja ni kuvuta pumzi. Miwili ni kunyamaza na kuhesabu kimoyomoyo hadi tatu, ukiwatazama watu. Tatu ni ndefu sana kwa anayesimama mbele, lakini kwa anayesikiliza ni fupi. Kama kuna mtu wa kutafsiri kwa Kifaransa au Kibemba, mkwaju miwili ndiyo nafasi yake, kwa hiyo usiuweke katikati ya wazo.

Ombi tuliliacha kamili, kwa herufi kubwa, kwa sababu neno moja likibadilika, ombi linakuwa jingine. Hata salamu za wakubwa, majina na vyeo kwa mpangilio wake, pamoja na hesabu za pesa, tuliziandika zote. Mambo hayo hayaachiwi kichwa.

Mahali pamoja tulikosea. Tuliandika tu "shida za mpakani". Mama akaanza na shida moja, akaingia nyingine, akafika kwenye habari za shemeji yake. Dakika sita zikapita. Tukaandika "walimwaga unga wangu", akasema kwa dakika moja na akanyamaza mwenyewe. Neno la kukumbusha liwe tendo au kitu cha kuonekana. Ukilitazama na ulimi usianze mara moja, libadilishe.

Andikeni upande mmoja tu, herufi za kusomeka karatasi ikiwa kiunoni, na namba pembeni: upepo ukizichanganya, utazipanga upesi. Zile kurasa nne amezibeba kwenye mkoba wake, kwa yule atakayeomba nakala.