Chomelea chini, funga bolti juu

Wacha niseme tu: hizi stoo za chuma tunazojenga Nyamarambe zinachomelewa mahali pabaya. Shida si fundi. Shida ni kumpandisha fundi kwenye ngazi, jenereta inakohoa chini, mawingu ya Kisii yanakuja saa nane kama kawaida, halafu tunamwambia aunganishe boriti na nguzo hapo juu.

Tuchukue stoo ya mfano ya kuweka mahindi, upana mita 8. Kiungo kinachobeba shughuli yote ni kile cha pembeni, pale boriti ya paa inapokutana na nguzo. Upepo ukiingia chini ya mabati, au mvua ya mawe ikishuka, ndicho kinachoumia kwanza.

Sasa linganisha. Bolti moja ya M20 ya gredi 8.8, kwa hesabu za usanifu, inahimili kama tani 9 na nusu kabla ya kukatwa. Weldi ya kona yenye mguu wa milimita 6 kwenye chuma cha kawaida cha S275 inahitaji urefu wa milimita 100 kufikisha uzito huohuo. Kwa karatasi, ni droo.

Lakini karatasi hainyeshewi. Rodi zikishika unyevu, weldi inatoka na vitundu. Umeme wa jenereta ukishuka, chuma cha rodi kinalala juu ya pleti bila kushikana nayo. Hiyo ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu ukigrinda na kupaka rangi inakaa fiti kabisa. Bolti nayo haina siri. Kichwani imeandikwa 8.8. Ukikuta 4.6, umepewa nusu ya nguvu uliyolipia, na unajua hata kabla hujapanda ngazi.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu: pleti ya mwisho ichomelewe kwenye boriti kule karakana, kazi ikiwa imelazwa chini, rodi kavu, fundi amesimama vizuri na anaweza kugeuza kipande apendavyo. Bolti zitumike juu, kwenye eneo la ujenzi. Ile weldi ya karakana ikague kabla haijapakwa rangi: iwe sawa urefu wote, bila vitundu, bila mfereji uliokulia pembeni mwa pleti.

Wasee watasema matundu hayakutani. Ni kweli, kama kila pleti imepimwa kivyake. Kata templeti moja, toboa pleti zote mbili kwa hiyo templeti, na kwa bolti ya M20 toboa milimita 22. Hizo 2 za ziada ndizo zinakuokoa. Usipanue tundu kwa moto wa rodi. Kingo zinabaki na makovu na bolti haikai sawasawa.

Wengine watasema bolti zinaibiwa, ndiyo maana wanachomelea nati. Buda, hapo umeharibu kila kitu. Bolti ya 8.8 ilipata nguvu zake kiwandani kwa kupashwa moto na kupozwa kwa vipimo. Ukiipiga rodi unafuta hiyo kazi. Ukiogopa wezi, kaza nati kwanza, kisha gonga nyuzi zilizobaki nje na patasi hadi ziharibike. Nati haitoki tena kirahisi.

Halafu kuna hii stori ya gredi. Ukienda hadwea na pesa kidogo za ziada, utashawishika kununua S355 badala ya S275 ili paa lisipinde. Hizo namba ni nguvu ya chuma kabla hakijanyooka moja kwa moja, na 355 kweli inazidi 275 kwa kama asilimia 29. Lakini kupinda ni jambo lingine. Vyuma vyote viwili vina ukakamavu uleule, kwa hivyo boriti zenye umbo moja zitapinda sawasawa chini ya mzigo mmoja.

Anayezuia kupinda ni kimo cha boriti. IPE 200 ina uzito wa kilo 22.4 kwa mita, IPE 240 ina 30.7. Umeongeza uzito kwa kama asilimia 37, lakini ukakamavu umekuwa mara mbili. Hapo ndipo pesa yako iende.

S355 ina faida pale nguvu ndiyo inayopungua, si pale paa linapolegea. Na ukiinunua, dai cheti cha kiwanda chenye namba inayolingana na iliyo kwenye chuma chenyewe, maana kwa macho huwezi kutofautisha S275 na S355. Bolti inajitambulisha yenyewe. Boriti inahitaji karatasi. Weldi ya juu ya ngazi haina chochote, ila neno la fundi aliyekuwa akikimbizana na mvua.