Usinunue Stika, Nunua Laptopu

Wasee, nitasema hii na mwenye kukasirika akasirike: ukinunua laptopu kwa kusoma stika, umeuziwa stika.

Mimi niliuziwa. Niliacha chuo nikarudi Kianyaga kufanya vidio, na mathe akanipea pesa ya kahawa yake. Muuzaji mmoja akaniambia, "Kijana, hii ni Core i5, ramu nane, grafiksi nne, SSD 256." Nikalipa. Nyumbani, kila nikikata kipande cha vidio mashine inaganda.

Usiku huo ndio nilibonyeza Ctrl+Shift+Esc, nikaingia Performance. Chini ya CPU nikaona i5-5300U, Cores 2. Ile 5 ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi. Kizazi cha tano, prosesa ya 2015! Ndugu yake i5-8350U wa 2017 ana Cores 4 na anakubaliwa na Windows 11. Yangu inakataliwa, na Windows 10 iliacha kupewa usaidizi wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Lakini stika za zote mbili zinaimba i5. (Namba ikianza na 10 au 11, soma tarakimu zote mbili.)

Na ile grafiksi nne? Bonyeza Windows+R, andika:

```
dxdiag
```

Ukifika Display, angalia Display Memory (VRAM). Yangu ilisema 128 MB. Hiyo "nne" ilikuwa Shared Memory, yaani nusu ya ramu yangu ile ile nane ambayo grafiksi inaruhusiwa kuazima. Muuzaji alihesabu kitu kimoja mara mbili, na mimi nikamlipa mara mbili.

Tuwe wakweli pia: si kila namba ndogo ni wizi. SSD ya 256 ikionekana 238 GB, hujaibiwa. Kiwanda kinahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1024. Na kwa Memory, ukiona Slots used: 1 of 2, hiyo ni habari njema, kuna nafasi ya kuongeza ramu baadaye.

Kuna wajanja wanaobadilisha jina la prosesa ndani ya Windows. Kwa hivyo zima mashine, iwashe ukigongagonga F10 kwa HP, F2 kwa Dell au F1 kwa ThinkPad, usome jina kwa BIOS. Majina yakitofautiana, amini BIOS, kisha uondoke dukani.

Mtasema wauzaji ni wakora. Wengine, ndio. Lakini mimi nilisimama mbele ya hiyo mashine ikiwa imewaka, vidole vyangu viko hapo, na nikaona aibu kubonyeza vitufe vitatu. Muuzaji akikuambia unamchelewesha, mwambie kahawa ya mama yako ilichukua mwaka mzima. Yeye anaweza kungoja dakika tano.