Pua yangu si pasipoti

Najua nimepotea, ni msuli wa mitihani tu, mnisamehe. Leo sina stori za bumu wala za foleni ya chakula. Juzi hapa chumbani tulibishana mpaka saa nane usiku. Mshkaji mmoja (hajawahi kuvuka Morogoro kwenda juu) akasema: "Lakini nyie watu wa Kyerwa si mnafanana na Wanyarwanda? Askari afanyeje sasa?" Nikaona jibu lake refu kuliko kitanda changu, nikaamua nilimwage hapa.

Tuelewane kwanza tunabishania nini. Mtu akiporwa, akasema mwizi ni mrefu, ana kovu shavuni na shati jekundu, askari akimtafuta mtu wa namna hiyo, hiyo ni kazi. Anamtafuta mtu mmoja. Ninachokipinga ni pale ambapo hakuna aliyesema lolote juu yako, hujafanya kitu, ila unateremshwa kwenye gari kwa sababu ya kimo, pua au lafudhi. Hapo hushukiwi wewe, inashukiwa mbari nzima.

Sasa njooni Karagwe. Wanyambo tangu enzi za wafalme tumekuwa na Wahima wafugaji na Wairu wakulima, watu wa himaya moja na lugha moja. Runyambo na Kinyankole cha ng'ambo, Uganda, tunasikilizana bila mkalimani. Mto Kagera ulikuwapo kabla ya mpaka, na mpaka ulipowekwa haukutupanga kwa sura. Kwa hiyo afisa anayesema "huyu anafanana na wa ng'ambo" anasema kweli kabisa, ila hajasema kitu. Na mimi nafanana na babu yangu, aliyezikwa Kaisho.

Hivi mnajua hii biashara ya kupima pua iliandikwa kwetu? Mwaka 1861 Mwingereza Speke alifika kwa mfalme Rumanyika wa Karagwe. Alipokewa vizuri, akanywa maziwa, akampima hadi shemeji wa mfalme unene wake kama anayepima gogo. Halafu mwaka 1863 akachapisha kitabu akidai kwamba watawala wafugaji wa kwetu ni wageni waliotoka Uhabeshi. Hakuwa na ushahidi zaidi ya macho yake. Wakoloni walilipenda wazo hilo, na huko Rwanda wote tunajua lilifika wapi. Leo askari kizuizini hajamsoma Speke, lakini anatumia futi yake ile ile.

Mwaka 2013 futi hiyo ilitumika kwa wingi. Mwezi Julai Rais Kikwete, akiwa ziarani Kagera, aliwapa wahamiaji haramu wiki mbili waondoke. Septemba ikaja Operesheni Kimbunga: jeshi, polisi na uhamiaji, mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Maelfu waliondoka au waliondolewa. Wengine kweli hawakuwa na vibali, hilo silikatai. Na ujambazi wa magari ulikuwepo, nasi ndio tuliokuwa tunaporwa. Lakini ndani ya lile kapu waliingia watu walioishi kwetu miaka arobaini, waliooa na kuzaa hapa, na Watanzania kabisa waliojikuta upande wa pili wa Rusumo wakitafuta njia ya kurudi. Ng'ombe walibaki. Nani alikuja kuwahesabu?

Mshkaji akaniambia: sawa, ni uonevu, lakini unafanya kazi. Hapo ndipo nilipochukua daftari, maana hoja ya "inafanya kazi" inapimwa kwa hesabu.

Tuseme (namba zangu hizi, za mfano) watu 2,000 wanapita kizuizi kwa wiki, na 40 kati yao hawana vibali. Tumpe afisa upendeleo: tuseme 30 kati ya hao 40 wana "ile sura". Lakini kwa wale halali 1,960, robo nao wanayo, yaani watu 490. Akisimamisha kila mwenye sura atakuwa amesimamisha 520, amepata 30. Hata sita kwa mia hawafiki. Amewasumbua 490 wasio na kosa, na 10 wamepita wakipiga miluzi. Na hapo nimempendelea. Kama sura imeenea sawasawa kwa walio na vibali na wasio navyo, jambo linalowezekana sana kwetu, atapata wawili kwa mia, sawa kabisa na angefumba macho akaokota yeyote.

Utasema basi afadhali sita kuliko wawili. Lakini nani kasema chaguo ni sura au bahati nasibu? Kuna tabia ya mtu, kuna nyaraka zisizolingana, kuna taarifa za kweli. Forodha ya Marekani ililijaribu hili. Ukaguzi wa serikali yao uliotolewa mwaka 2000 ulionyesha kwamba wanawake weusi raia wa Marekani waliokuwa wakirudi nyumbani, baada ya kupapaswa, walipelekwa kwenye eksirei mara tisa zaidi ya wazungu wenzao, lakini waliokutwa na kitu hawakufika hata nusu ya kiwango cha wazungu. Macho yalikuwa yanawadanganya maafisa kila siku na hakuna aliyeshtuka. Kati ya 1998 na 2000 walibadilisha utaratibu: afisa ataje sababu inayohusu tabia au taarifa, na mkubwa wake aidhinishe. Upekuzi ukapungua kwa karibu robo tatu, na waliokutwa na kitu kwa kila mia wakazidi mara mbili ya zamani. Walipekua wachache wakapata vizuri zaidi!

Na mkosaji naye si mjinga. Akijua Murongo wanaangalia pua, anamtuma mwenye pua nyingine na mzigo, yeye anavuka mto usiku. Anayebaki kuulizwa maswali ni mwanafunzi anayerudi likizo. Mimi kizuizi kimoja (sikitaji) niliambiwa nitaje jina la balozi wetu wa nyumba kumi, nikataja, nikaambiwa "umekariri". Sasa ningejibu nini?

Linaloniuma zaidi ni hili. Anayejua kwamba kuna mgeni kalala kwa fulani ni jirani, ni mama wa mgahawa, ni kijana wa bodaboda pale Omurushaka. Macho ya kweli ya mpakani ni hao. Ukimteremsha bodaboda mara tatu kwa wiki kwa sababu ya sura yake, siku akimwona mwenye bunduki atakuambia? Atanyamaza, nami sitamlaumu.

Dawa yenyewe si ghali. Mji wa Fuenlabrada, Hispania, mwaka 2007 na 2008 polisi walijaza karatasi kila waliposimamisha mtu: ni nani, kwa sababu gani, kumepatikana nini, na aliyesimamishwa anapewa nakala. Kusimamisha watu kukapungua kwa zaidi ya nusu, na mafanikio yakapanda kutoka 6 kwa mia hadi 17. Ni karatasi tu, wadau, hawakuongezewa helikopta. Afisa akilazimika kuandika "nimemsimamisha kwa sababu ni mrefu", kalamu yenyewe inagoma.

Katiba yetu ibara ya 13 inakataza ubaguzi, na inataja kabila na pahala mtu alipotoka. Kwa hiyo hata sheria haihitaji kutungwa upya. Zinahitajika daftari mbili tatu kwenye kila kizuizi kuanzia Kayanga mpaka Murongo, na mtu wa kuzisoma mwisho wa mwezi.

Mshkaji alilala kabla sijafika kwenye Fuenlabrada. Nimemprintia hii, nimeiweka juu ya desa lake. Mwenye hoja tofauti aje nayo, ila aje na hesabu. Mimi kesho saa mbili nina testi.