Bei ya kiwanja inapimwa, haiulizwi kwa dalali (Sehemu ya 3)

1.
Ndugu zangu, sehemu mbili zilizopita niliongelea mikopo inayokatwa kwenye mshahara. Leo twende kule ambako pesa hizo zinaishia kwa wengi wetu: kiwanja nje kidogo ya Dar, kule Chanika, Kisemvule, Mbopo na kwingineko. Nina ugomvi na swali moja tunaloliuliza kila siku: "Dalali, huku kiwanja cha 20 kwa 20 ni shilingi ngapi?"

Swali hilo ni bovu. Unayemuuliza bei ndiye anayelipwa kutokana na bei hiyo, mara nyingi asilimia 10. Ukitaja milioni 12 naye anapata milioni 1 na laki 2. Ukitaja milioni 5 anapata laki 5. Halafu unategemea akuonee huruma?

2.
Tuanze na ukubwa, maana ndipo tunapoibiwa kweupe.

Mashambani na kwenye maeneo ambayo hayajapimwa, "20 kwa 20" mara nyingi ni hatua, siyo mita. Hatua ya mtu mzima wa kawaida haifiki mita moja. Tuseme ni sentimita 80. Hatua 20 ni mita 16. Sasa zidisha: 16 mara 16 ni mita za mraba 256. Wewe kichwani ulikuwa na 400.

Angalia hapo vizuri. Kila upande umepungua sehemu moja tu kati ya tano, lakini eneo zima limepungua zaidi ya theluthi moja. Ndiyo maana mtu anatembea juu ya kiwanja, anaona "kinafanana", anasaini. Macho hayaoni mita za mraba.

Wodini mtoto hapewi dawa kwa kuangaliwa usoni. Anapandishwa kwenye mizani, tunapata kilo, tunazidisha na dozi ya kila kilo. Ardhi ni hivyo hivyo. Nenda na tepu ya mita 50, pima pande zote nne, kisha gawanya bei kwa mita za mraba. Namba hiyo, shilingi kwa mita moja ya mraba, ndiyo bei. Hiyo milioni 12 ni kelele tu.

3.
Sasa hiyo shilingi kwa mita utailinganisha na nini? Na viwanja vilivyouzwa, siyo vinavyouzwa. Bango na tangazo la Watsapu ni matamanio ya muuzaji. Bei ni ile pesa iliyotoka mfukoni mwa mtu.

Mtafute aliyenunua, siyo aliyeuza. Jirani aliyejenga mwaka jana, fundi aliyeshuhudia, mjumbe wa shina. Mpe shikamoo mzee wa pale, kaa naye, muulize kwa utaratibu. Bei iliyoandikwa kwenye mkataba wa serikali ya mtaa inasaidia, ila wengine huandika pungufu ili kukwepa makato, kwa hiyo isikilize pamoja na majirani. Tafuta mauzo matatu, ya karibu, yasiyozidi mwaka mmoja hivi.

4.
Tufanye hesabu. Namba ni za mfano ila hali ni ya kweli, kila mtu ameshaikuta.

Unaonyeshwa kiwanja cha "20 kwa 20", milioni 12. "Kimepimwa, na gari inafika." Umepima kwa tepu, ni mita 256. Kwa hiyo unaombwa karibu shilingi 47,000 kwa mita.

Majirani wanakwambia hivi. Kiwanja cha kwanza, mita 500, kina hati na kiko barabara ya kifusi, kiliuzwa milioni 14. Hiyo ni 28,000 kwa mita. Cha pili, mita 300, hakijapimwa lakini gari inafika, milioni 6 na laki 6. Hiyo ni 22,000. Cha tatu, mita 400, hakijapimwa na njia ni ya miguu tu, milioni 6 na laki 4. Hiyo ni 16,000.

Umeona? Cha pili na cha tatu karatasi zao zinafanana. Kinachowatofautisha zaidi ni gari kufika, nayo ina thamani ya kama 6,000 kwa kila mita. Na hata chenye hati, barabara nzuri kuliko vyote, hakijafika 47,000.

5.
Sasa uliza kwa ukali: gari inafika kwa kupita wapi?

Kama inapita kwenye kiwanja cha jirani ambaye hajajenga, hiyo siyo barabara, ni hisani. Siku akiweka ukuta, wewe unabaki na uchochoro na tofali unazibeba kwa toroli. Barabara unayoweza kuilipia ni ile iliyo kwenye mchoro wa mipango miji, au ile ambayo majirani wote wameshaiachia na inatumika.

Na hata hapo kumbuka, eneo likija kurasimishwa, njia hukatwa kutoka kwenye viwanja vyenu. Ukitoa mita 2 upande mmoja wa kiwanja hiki, mita 32 za mraba zimekwenda. Unabaki na 224.

6.
Halafu neno "kimepimwa". Neno hili limewatia watu hasara kuliko wezi.

Mchoro kupitishwa ni jambo moja. Bikoni kuwekwa na ramani ya upimaji kuidhinishwa, ukapata namba ya kiwanja na kitalu, ni jambo la pili. Hati yenye jina la anayekuuzia ni jambo la tatu. "Hati ipo kwenye mchakato" maana yake hati haipo. Lipia karatasi iliyopo mezani leo.

Kama wanasema ipo, omba namba uende ofisi ya ardhi kufanya upekuzi rasmi. Hapo utajua mmiliki ni nani, na kama kuna rehani au zuio. Muuzaji anayekasirika ukiomba namba ameshakujibu.

7.
Kwenye mfano wetu bikoni hazionekani, namba ya kiwanja hakuna, na gari inapita kwa jirani. Kwa hiyo kinafanana na cha tatu zaidi kuliko cha pili. Kwa 16,000 ni milioni 4 na laki 1. Kwa 22,000 ni milioni 5 na laki 6, na hapo ndipo mwisho kabisa. Mimi ningeanzia milioni 4, nisingevuka 5. Mtu anayetaka 12 huwezi kupatana naye kwa "punguza kidogo". Aga, ondoka.

8.
Najua mtasema: "Sista, ardhi haishuki, ukichelewa itapanda." Haya, tuseme inapanda asilimia 20 kila mwaka bila kukosa. Kiwanja cha milioni 5 na laki 6 kitachukua zaidi ya miaka 4 kufika 12. Yaani miaka minne ya makato ya mkopo ili tu kiwanja kifikie bei uliyokwisha kulipa.

Wengine mtasema nesi anajua nini kuhusu ardhi. Sawa. Kwa pesa kubwa, au benki ikihusika, mlipe mthamini aliyesajiliwa. Atafanya kulinganisha huku huku, kwa undani zaidi yangu. Lakini hata yeye hatamuuliza dalali bei akaandika alichoambiwa.

Wiki ijayo: mkataba wa mauziano, na kwa nini usilipe pesa yote siku moja. Naingia zamu ya usiku.